Meza inafutwa usiku, asubuhi inanata

Swali: Shikamoo Bwana Afya. Nina mgahawa mdogo hapa Mwanga, Kigoma. Jikoni wako watu watano. Tuna meza ya stili, kaunta ya vigae na vibao vya mbao vya kukatia. Kila usiku wanafuta na jiki wanaweka, lakini alfajiri nikipitisha mkono meza inanata na harufu ya samaki iko palepale. Nataka niwaandikie karatasi moja ya usafi wa kila siku na wa kila wiki niibandike ukutani. Niandike nini?

Jibu: Marahaba, mama. Karatasi nitakupa, iko hapo chini, uiandike kwa mkono wako na ubadilishe utakapoona panafaa. Lakini wataiuliza maswali, na wewe ndiye wa kujibu, kwa hiyo nianze na kinachotokea juu ya hiyo meza.

Jikoni kwako, kama jikoni nyingi za Kigoma, mezani hukutana vitu viwili ambavyo haviondoki kwa njia moja. Kuna mawese na kuna utelezi wa samaki. Mawese si kama mafuta ya alizeti ambayo hubaki majimaji wakati wote. Yakishuka chini ya nyuzi joto 35 hivi huanza kuganda, na maji yako ya bomba hayafiki huko hata siku ya jua kali. Mfanyakazi akifuta mawese kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba haondoi kitu, anayatandaza. Doa lililokuwa la ukubwa wa kiganja linakuwa utando mwembamba wa meza nzima, mwembamba kiasi kwamba rangi yake nyekundu haionekani tena. Huo ndio unaonata alfajiri.

Basi mtu atasema tutumie maji ya moto. Sawa, lakini hapo ndipo samaki anapokuja na masharti yake. Ule utelezi wa migebuka, pamoja na damu na magamba, ni protini, na protini ikimwagiwa maji yanayochemka inaiva na kugandia pale ilipo. Meza iliyopikwa hivyo kwa wiki kadhaa huwa na ukoko wa kijivu kwenye kingo na kwenye maungio ya vigae, na hautoki kwa kufuta. Samaki anataka maji baridi kwanza, mawese yanataka maji ya moto baadaye. Ukigeuza mpangilio huo unaharibu vyote viwili.

Sasa hiyo jiki. Klorini haifanyi kazi ya kuosha, inaua vijidudu inavyovigusa. Utando wa mawese ukiwa juu yao haiwafikii. Na ikikuta mabaki ya samaki, klorini humalizika kwa kupambana na yale mabaki kabla haijafika kwa kijidudu chochote, na katika kupambana huko hutoa ile harufu kali ya kuchoma pua ambayo wafanyakazi huichukulia kuwa ndiyo dalili ya usafi. Ni kinyume chake. Juu ya meza iliyooshwa vizuri, maji ya jiki yaliyopimwa sawasawa yananukia kidogo tu. Ukiingia jikoni usiku ukakuta jiki inanuka sana, ujue imemwagwa juu ya uchafu, au imemwagwa bila kipimo, na mara nyingi ni yote mawili.

Na kipimo ndicho ninachokisisitiza kuliko vingine vyote, kwa sababu pale kwenye jikoni nyingi jiki hupimwa kwa macho. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, ulifunge kwa kamba kwenye mpini wa ndoo ya jiki. Soma lebo ya chupa yako. Kama imeandikwa asilimia 3.5, mililita 30, yaani bomba tatu zilizojaa, kwenye lita 5 za maji zinakupa karibu miligramu 200 za klorini kwa kila lita. Kama chupa ni ya asilimia 5, bomba mbili zinatosha kwa maji yaleyale. Kiwango hicho kinatosha kwa meza ya chakula, na hakihitaji kusuuzwa tena baada yake, meza iachwe ikauke yenyewe. Ukizidisha, itabidi usuuze, na stili yako itaanza kutoboka vidoa vidogo vya kutu ambavyo havifutiki.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo miongozo ya kutoka kwingine haikuelezi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ualkali, pH yake ni karibu na 9, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya klorini hukaa katika umbo lake lililo dhaifu. Inaua, ila taratibu. Ndiyo maana mimi sikubali vipimo vya chini vya miligramu 50 ambavyo wengine hutumia, wala sikubali jiki ipakwe na kufutwa papo hapo. Iache mezani dakika 5, meza ikiwa imelowa muda wote huo. Pengine kuna mjuaji atakayekwambia uongeze limao au siki ili kupunguza huo ualkali. Mkataze kabisa. Jiki ikichanganywa na kitu chenye asidi hutoa gesi ya klorini, na jikoni pasipo na madirisha ya kutosha hilo ni jambo la kumpeleka mtu hospitali. Dawa ya kuoshea choo nayo ni hivyohivyo, isikaribiane na ndoo hiyo.

Maji hayohayo ya ziwa yana magnesiamu nyingi, kwa hiyo sabuni ya mche haikufai mezani. Hushikana na hayo madini ikaacha utando mweupe wa mafutamafuta. Tumia sabuni ya maji.

Hii hapa karatasi:

"Ndugu zangu wa jikoni,

Meza tunazokatia chakula zitaoshwa kwa utaratibu huu kuanzia leo. Anayefunga zamu ya usiku ndiye anayesimamia, na ataandika jina lake na saa kwenye daftari lililoko karibu na friji.

Mchana, kila mnapomaliza kutengeneza samaki, kuku au nyama mbichi, osheni meza na kibao hapohapo kabla kitu kingine hakijawekwa. Msisubiri usiku. Kachumbari ikatwe kwenye kibao chenye alama ya kijani tu, hata kama mteja anapiga kelele na kibao hicho kiko mbali. Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo kilichoingia humo kinafika kwa mteja kikiwa hai.

Usiku, mkimaliza kupika, fuateni mpangilio huu na msiruke hatua. Kwanza kwangueni mabaki yote kwa kikwangulio cha plastiki, yaende kwenye ndoo ya taka, yasisukumwe sakafuni. Kisha mwagieni meza maji baridi na kusugua kwa brashi mpaka utelezi wa samaki uishe mkononi. Baada ya hapo chukueni ndoo ya sabuni: lita moja ya maji yaliyochemka, lita mbili za maji ya bomba, na sabuni ya maji vijiko viwili. Vaeni glavu. Sugueni meza yote pamoja na ukingo wa chini, ule ambao vidole hushika mnapoiburuta. Maji yakipoa au yakibadilika rangi kuwa ya machungwa, mwageni mtengeneze mengine. Suuzeni kwa maji safi mpaka povu liishe.

Mwisho ni maji ya jiki. Lita 5 za maji baridi, bomba tatu za jiki, si zaidi. Lowesheni meza nzima, iacheni dakika 5, kisha msukume maji yaliyotuama yaanguke, meza ikauke kwa hewa. Msiifute kwa kitambaa. Vibao visimamishwe wima, visilazwe. Maji ya jiki yatengenezwe mapya kila zamu, na yakianza kuwa na ukungu yamwagwe hata kama yametengenezwa sasa hivi.

Vitambaa: cha bluu ni cha meza za wateja, cha njano ni cha jikoni. Kila usiku vyote vichemshwe dakika 10 kwenye sufuria ya vitambaa na kuanikwa. Kitambaa kilicholowa hakilali juu ya meza wala kwenye bomba.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, ni usafi wa wiki. Meza ya stili ivutwe kutoka ukutani. Miguu, upande wa chini na ukuta wa nyuma vioshwe kwa mpangilio uleule. Maungio ya vigae yasuguliwe kwa brashi ya nailoni. Rafu za viungo zishushwe vitu vyote na kuoshwa, pamoja na mzani, vishikio vya friji na mpira wa mlango wake. Vibao vyote niletewe nivione.

Alhamisi, magamba meupe ya bomba na sinki yatolewe kwa siki na kusuuzwa mara mbili. Siku hiyo siki ikitumika, jiki isiguswe mpaka sinki limesuuzwa.

Stili waya ni ya masufuria tu. Isiguse meza."

Hilo la kipimo cha maji ya sabuni usilichukulie kama pambo. Lita moja inayochemka na mbili za bomba zenye joto la nyuzi 25 hivi zinakaribia nyuzi 50, joto ambalo linayeyusha mawese vizuri na bado haliivishi protini iliyobaki kwa kasi. Mkono usio na glavu hauvumilii humo kwa muda, ndiyo maana nimeandika glavu. Wafanyakazi wasipopewa glavu watapoza maji mpaka yawafae wao, na mawese yatarudi kuganda.

Kwa nini meza ikauke? Vijidudu vichache hubaki hata baada ya kazi nzuri. Kwenye joto la mwili na chakula cha kutosha, bakteria kama wa kuharisha wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Usiku jikoni pana ubaridi kidogo, basi tuhesabu polepole, maradufu kila saa. Ukifunga saa nne usiku na mpishi wa chapati akaingia saa kumi na moja alfajiri, hizo ni saa saba, na kila kijidudu kimoja kimekuwa 128. Hesabu hiyo inahitaji maji. Juu ya stili iliyokauka hawaongezeki, wengi hufa. Ukimkuta mtu anamalizia usiku kwa kupitisha kitambaa kibichi ili meza ing'ae, amerudisha maji, na amerudisha alichokuwa nacho kitambaa. Nikiruhusiwa kukagua kitu kimoja tu jikoni, nakagua kitambaa. Nakinusa. Kikiwa na harufu ya ukungu sihitaji kuuliza meza imefutwaje.

Usafi wa wiki unafanya kazi nyingine, si ule wa kila siku uliorefushwa. Sehemu zisizofikiwa kila siku, kama ukingo uliokunjwa chini ya meza ya stili, bakteria hujijengea utando wao wenyewe, wenye kuteleza ukiugusa. Ndani ya utando huo jiki ya miligramu 200 haipenyi. Hata ukiongeza mara tano, safu ya juu ndiyo inayokufa. Dawa yake ni brashi. Ukishaupasua kwa kusugua na sabuni, jiki ya kawaida inamaliza kazi. Kwa hiyo Jumatatu, mama, usihesabu chupa za jiki zilizotumika, angalia brashi zimechakaa kiasi gani. Brashi ambayo baada ya miezi miwili bado ni mpya haikutoka kwenye ndoano yake.

Maungio ya vigae yatakusumbua zaidi ya yote. Saruji ile ina matundu, inanywa mawese, na ikishakunywa huwezi kuitoa. Kama yamekwisha kuwa meusi na yanapukutika, mwite fundi ayakwangue na kuyajaza upya. Ni kazi ya siku moja, na kaunta isitumike mpaka yamekauka. Kama huwezi kwa sasa, basi kaunta hiyo iwe ya sahani na vyakula vilivyofunikwa, samaki wabichi na kachumbari vyote vihamie kwenye stili.

Vibao vya mbao watu wengi huvilaumu bure. Mbao ngumu isiyo na mikwaruzo mirefu ni salama ikioshwa na kukaushwa. Tatizo ni kile kibao kilichochongwa bonde katikati kwa miaka ya kukata sombe na nyama. Siku ya Jumatatu pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, brashi haifiki chini yake. Kipeleke kwa seremala akipige randa pande zote mbili, kisha kioshwe, kipitishiwe jiki na kukaushwa kivulini. Kikipasuka, hata ufa mwembamba, kimekwisha kazi ya chakula. Na usiwaache wakipake mawese ili king'ae. Mafuta ya chakula huchacha ndani ya mbao, na utaanza kutafuta panya aliyekufa wakati harufu inatoka kwenye kibao. Weka alama kwa rangi kwenye mshikio au ubavuni, kijani kwa vinavyoliwa vibichi, nyekundu kwa samaki na nyama mbichi. Usiweke alama juu, kwani kisu kitaikwangua iingie kwenye chakula.

Kuhusu dagaa, neno moja. Dagaa wakavu wanaotoka kuanikwa huja na mchanga, na mchanga ukisuguliwa juu ya stili huichana. Michano hiyo huwa makazi kama ya kibao kibovu. Wapepetwe kwenye ungo nje, mbali na meza, kabla hawajaingia jikoni. Hapo na maungio ya vigae yatapata nafuu.

Unachohitaji sasa ni namna ya kujua kama wamefuata, bila kusimama nao kila usiku. Nenda alfajiri mara moja moja, bila kutaja siku, kabla kazi haijaanza. Chukua tishu nyeupe na kikombe cha maji. Pangusa tishu kavu kwenye stili, urefu wa mkono. Ikitoka na rangi ya machungwa, mawese hayakuondoka, maana yake maji hayakuwa ya moto au sabuni ilikuwa kidogo. Kisha mimina maji kidogo juu ya meza. Yakitandaa kama karatasi, meza haina mafuta. Yakijikusanya matone matone wakati tishu ilitoka nyeupe, kuna mafuta yasiyo na rangi, alizeti au ya samaki wenyewe, na sabuni ndiyo iliyorukwa. Pitisha kidole chini ya ukingo. Kikiteleza, Jumatatu iliyopita meza haikuvutwa. Kama yote hayo ni sawa lakini harufu ya samaki bado ipo, acha meza, ukanuse kitambaa, ndoo ya taka na mpira wa mlango wa friji, kwa mpangilio huo.

Kwa wiki mbili za kwanza ningekuomba ulifungue lile daftari na kulinganisha. Kama tishu inatoka ya machungwa siku zilezile ambazo mtu yuleyule amefunga zamu, usimkaripie mbele ya wenzake. Mwambie akuonyeshe anavyotengeneza ndoo ya sabuni, umtazame tangu anapochemsha maji. Mara nyingi utakuta gesi imeisha jioni ile, au sufuria ya kuchemshia ilikuwa na supu ya kesho. Nunua sufuria ya pili ya maji ya usafi, iandikwe ubavuni, na isiazimwe.

Chupa ya jiki ihifadhiwe gizani na pasipo joto, mbali na jiko. Klorini hupungua nguvu ikikaa kwenye jua au joto, na chupa iliyokaa miezi mingi karibu na moto haina tena hiyo asilimia 3.5 unayoisoma kwenye lebo. Nunua chupa ndogo zinazoisha ndani ya mwezi, angalia tarehe kabla hujalipa, na siku unayoifungua andika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito.